Jogoo Ambaye Hakuwemo Kwenye Tovuti ya Vidole

"Hapo umeharibu, wifi," alisema mwenye saluni, akiinama juu ya bega la Vidole mpaka kitana alichokuwa amekichomeka kichwani kikagusa skrini ya laptopu. "Mtu humjui, sura hujamwona, hali hujamjulia, unamfungulia na 'naomba uniambie ukweli'. Huo ni ugomvi. Mimi mtu akiniomba ukweli, kwanza natafuta viatu vyangu vilipo."

"Ni mwalimu, wifi. Ana wanafunzi wengi. Hana muda wa maneno mengi."

"Nani hana muda wa maneno mengi? Amekuambia hivyo? Au umemwona tu kwenye picha anatazama saa?"

"Kwenye picha ni mmea wa miiba, ndani ya chungu," alisema Vidole.

"Basi. Unauomba ukweli kwa mmea."

"Na kumbukumbu namba haina," alisema Karani kutoka kwenye kiti cha kusukia. Nusu moja ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa, imelala vizuri kama shamba lililopaliliwa. Nusu ya pili ilisimama kama kichaka kilichoona simba. Alikuwa karani wa mahakama, na kwake neno lisilo na kumbukumbu namba lilikuwa kelele za barabarani. "Mtu ataijibuje barua ambayo haina namba?"

"Si barua, dada. Ni ujumbe."

"Ndivyo mnavyoshindwa kesi."

Chini ya drai ya kukaushia nywele, mahali alipopenda kukaa hata siku ambazo nywele zake hazikuwa na maji, Shangazi alifumbua jicho moja. "Muulize kama ameolewa," alisema. "Halafu mkaribishe nyumbani. Mtu hukaribishwa kwanza, ukweli unafuata ukiwa umeshiba."

Sasa Vidole mwenyewe ni nani hata watu wazima watatu wamgombee mistari minne ya ujumbe? Alikuwa msusi wa saluni hiyo, mke wa kaka wa yule mwenye saluni, ndiyo maana wakaitana wifi, na jina la Vidole hakupewa kwa hisani. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kasi hata mteja akipiga chafya, akifumbua macho anakuta mistari miwili imeongezeka. Aliwahi kumsuka mwanamke aliyekuwa anakimbilia basi, na yule mwanamke akalipanda basi hali amekwisha sukwa mpaka kisogoni. Asiyeamini amtafute dereva.

Lakini mtu akijaliwa vidole, hajui Mungu amekusudia vikashike nini. Siku moja mteja alisahau laptopu pale saluni, na ilipokuwa inamngoja mwenyewe, Vidole aliigusa. Kuanzia hapo hakuwa mzima. Akanunua ya kwake, kuukuu, yenye herufi moja iliyong'oka na kuwekewa kishungi cha uzi mweusi wa kusukia mahali pake. Akajiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaojifunza kutengeneza tovuti, na humo ndimo alimokutana na yule mwenye picha ya mmea, ambaye wanafunzi wote walimwita Mwalimu Miiba. Hakuwa akilipwa. Alikuwa fundi wa kazi hiyo miaka mingi, akajitolea kuzisoma kazi za wanaoanza na kuwaambia zilivyo. Wapo waliolia. Wapo walioacha wakaenda kuuza matofali. Lakini aliyebaki, walisema, alitoka fundi.

Na Vidole alikuwa na haja naye haraka. Kampuni ndogo inayotengeneza tovuti za maduka ilikuwa inatafuta mtu wa kuanzia chini kabisa. Haikutaka vyeti, ilitaka kiungo cha tovuti ya kuonyesha kazi zako, ile ambayo wenyewe wanaiita potifolio. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa. Wifi, yule mwenye saluni, naye alikuwa amefungua saluni ya pili na alimtaka Vidole aisimamie. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari juu ya kioo, unamtazama Vidole mchana kutwa. Wifi hakuwa mbaya. Alisema hivi tu: "Ijumaa jioni uushike ufunguo, au nimpe mwingine. Saluni haisubiri mtu anayecheza na kompyuta."

Kwa hiyo Vidole hakutaka sifa. Alitaka kujua kama anacheza. Mistari yake minne ilikuwa inasema hivi: hii ni tovuti yangu ya kwanza ya kazi, naomba uniambie ukweli bila kunionea haya, swali langu ni moja, mtu anayetafuta mfanyakazi akiifungua, ataendelea kusoma mpaka chini au atafunga, nina mpaka Ijumaa.

Ulikuwa ujumbe mzuri. Mtu wa fani angeusifu. Lakini kabla Vidole hajautuma, Wifi alikuwa ameingiza salamu, Karani amepachika namba juu, na Shangazi ameamuru kutoka kwenye drai. Ulipokwenda ulikuwa hivi:

*Kumb. Na. 1. Mwalimu wetu mpendwa, za kwako, za nyumbani, za watoto kama wapo, na kama hawapo bado mapema. Sisi hatujambo isipokuwa mgongo wa Shangazi. Hii ni tovuti yangu ya kwanza ya kazi. Naomba uniambie ukweli bila kunionea haya (lakini usizidishe, ana mume na heshima zake, ni mimi wifi yake). Je, mtu anayetafuta mfanyakazi akiifungua ataendelea kusoma mpaka chini au atafunga? Nina mpaka Ijumaa. Shangazi anauliza kama umeolewa. Karibu nyumbani usukwe, usibishe hodi, ingia tu.*

Chini yake Vidole akabandika kiungo. Alikinakili pale juu kwenye brauza, mahali ambapo tovuti ilikuwa imefunguka inang'aa: 127.0.0.1, nukta mbili, 5500, na mkia wake.

"Mbona namba tupu?" aliuliza Wifi. "Tovuti za watu zina majina."

"Ndivyo inavyoandikwa nikiiendesha, wifi. Tazama." Akakibofya kile kiungo. Ikafunguka. Karani akaomba naye abofye, ikafunguka. Shangazi akaletewa laptopu mpaka kwenye drai, akabofya kwa kucha ya kidole gumba, ikafunguka. Watu watatu wamebofya kwenye laptopu ileile, mara tatu imefunguka. Nani angedai ushahidi zaidi?

Wifi alidai. Yeye alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akakiandika kiungo kwenye simu yake, ambayo kioo chake kilipasuka siku ilipodondokea kwenye beseni la kuoshea nywele. Simu ikasema imekataliwa kuunganishwa.

"Yangu haifungui."

"Simu yako hiyo?" alisema Karani. "Simu iliyopasuka uso haiwezi kuwa shahidi."

Wakacheka, Wifi akaiweka simu mfukoni, na ujumbe ukaenda.

Jibu lilikuja kesho yake. Karani alikuwa amerudi kumaliziwa ile nusu iliyobaki. Alikuwa ameshinda mahakamani na nusu kichwa, na inasemekana washtakiwa wawili walikiri makosa kwa kumtazama tu. Vidole alikuwa ameshika kitana kwa mkono mmoja. Simu ikalia, kitana kikaanguka. Akasoma kwa sauti, maana wasingemwacha asome kimya.

*Habari Vidole. Asante kwa kuomba ukweli. Wengi wakisema ukweli wanataka sifa. Haya basi. Jogoo ni mkubwa mno. Anajaza skrini nzima, na mtu anateremka mpaka anachoka bila kukuona wewe. Hata jina lako sijaliona popote. Kila ninapobofya, jogoo anawika; mtu aliye ofisini atafunga hapohapo. Maandishi ya manjano juu ya nyeupe hayasomeki. Kitufe cha kuwasiliana nawe nimekibonyeza, hakifanyi kitu. Lakini ule mpangilio wa mabanda ni mzuri sana, unaonyesha unakijua unachokisema. Rekebisha kisha uniambie. Salamu kwa Shangazi, sijaolewa.*

Vidole akakiokota kitana.

"Jogoo gani?" alisema Vidole.

Akaifungua tovuti yake. Wakamtafuta jogoo wote wanne kama watu waliodondosha pete. Juu palikuwa na jina la Vidole, kubwa, kwa rangi ya bluu iliyoiva. Chini yake kazi tatu: ukurasa wa saluni hii, wenye picha ya Wifi; kikokotoo alichokitunga mwenyewe, unachagua mtindo na urefu wa nywele, kinakuambia utakaa kwenye kiti saa ngapi; na kadi ya harusi ya binamu. Chini kabisa, anwani ya saluni na saa za kufungua. Kitufe cha kuwasiliana walikibonyeza, kikafanya kazi. Maandishi ya manjano hayakuwepo. Banda halikuwepo. Jogoo hakuwepo hata unyoya.

Ndipo Wifi alipoiona picha yake mwenyewe. Ilikuwa pale juu kwenye ukurasa wa saluni. Siku ile alikuwa amepaka nywele rangi nyekundu na kuzisimamisha katikati, na mdomo ulikuwa wazi kwa sababu alikuwa anamwambia Vidole asipige bado.

"Ni mimi," alisema polepole. "Jogoo ni mimi."

"Si wewe, wifi."

"Nimejaza skrini. Nimewika. Huyu mwalimu wako asiyeolewa ameniita jogoo, na wewe umenisomea kwa sauti mbele ya wateja."

"Mteja ni mimi peke yangu," alisema Karani, "na sijamaliziwa."

"Nyamazeni," alisema Shangazi. Alitoka chini ya drai, jambo ambalo lilikuwa nadra, na nywele zake zilikuwa kavu kama makuti. "Nyinyi mnatafuta jogoo kwa macho. Huyo mtu anasema kwa mafumbo. Walimu wa zamani walikuwa hivyo. Hamjasikia kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini? Anamwambia: unawika pasipo kwako. Jina lako silioni. Mlango wako haufunguki. Lakini mabanda yako ni mazuri, maana yake rudi bandani." Akamgeukia Vidole, na sauti ikawa ya huruma. "Anakuambia urudi kwenye vitana, mwanangu. Amekuambia kwa adabu."

Hapo ndipo Vidole alipokaa chini. Mpaka hapo alikuwa ameduwaa tu. Sasa yale maneno yalikuta pa kuingilia. Kwa sababu moyoni mwake, tangu siku ya kwanza alipoigusa ile laptopu ya watu, kulikuwa na sauti ndogo iliyokuwa inamwambia jambo hilohilo. Akautazama ufunguo kwenye msumari. Ufunguo nao ukamtazama.

Mtu mwingine angemwandikia mwalimu: jogoo gani unayemsema? Maneno matatu, na kisa hiki kingeishia hapo, watu wakaenda kulala. Lakini Vidole alikuwa na ugonjwa mmoja wa tangu utotoni: hambishii mwalimu. Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wa hesabu alipita nyuma yake akasema, "Futa hilo doa." Daftari lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Vidole akachora doa, akalifuta, akanyoosha mkono kusema amemaliza.

Basi akafuta macho kwa ncha ya taulo. "Kama ni fumbo au si fumbo," alisema, "amesema rekebisha kisha uniambie. Sitamwambia nimempunguza jogoo kama sikumpunguza. Huo utakuwa uongo."

"Utampunguzaje jogoo ambaye hayupo?" aliuliza Karani.

"Itabidi kwanza awepo."

Karani alifikiri kidogo, akakubali. Alisema mahakamani hukumu hutekelezwa kwanza, rufaa hufuata, na amewahi kuona watu wakibomoa ukuta usiokuwepo kwa amri halali.

Siku iliyofuata Shangazi alimwazima jogoo wa fundi seremala wa jirani. Alikuwa jogoo mkubwa, mwekundu, mwenye tabia za mwenye nyumba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu alifungwa kwa utepe wa waridi wa kusukia watoto, akaketishwa kwenye kiti cha wateja, taulo shingoni. Alijitazama kwenye kioo na hakuona kasoro. Ili atulie apigwe picha, Wifi, ambaye bado alikuwa hasemi na mtu, alimshushia drai kichwani akaiwasha. Jogoo akawika kwa sauti ambayo haijapata kusikika. Seremala alisema alipima ubao mara mbili siku hiyo, na mara zote mbili ulikuwa mfupi zaidi. Karani alikuwa ameshika simu, akairekodi.

Kisha Vidole akafanya kazi. Alimweka jogoo kwenye ukurasa wa mwanzo, ajaze skrini kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka jina lake likasukumwa chini lisionekane. Akamtazama, akaona kweli, huyu ni mkubwa mno, mwalimu amesema haki. Akampunguza mpaka akatosha pembeni, kama stempu. Akaiandikia sauti iwike kila mtu anapobofya, akabofya mara chache, akaona kweli, hii ni kero. Akaibadilisha awike ukimgusa yeye tu. Akayapaka maandishi manjano, akashindwa kuyasoma, akayarudisha bluu. Akakikata kitufe cha kuwasiliana mahali kinapounganishwa, akakibonyeza kikawa kimekufa, akakiunga upya. Mabanda yalisifiwa, kwa hiyo hayakuwa ya kurekebishwa, lakini ingekuwa dharau yasionekane. Akachora banda dogo, akalifanya kitufe cha kurudi mwanzo wa ukurasa.

Na hapa kuna jambo. Kote alikopita kabla ya hapo, alikuwa akinakili anachoonyeshwa. Siku hiyo aliharibu mwenyewe na kutengeneza mwenyewe, na jioni ilipofika alikuwa anajua kwa nini kitu kinasimama na kwa nini kinaanguka. Ila hakujua kwamba anajua. Alijua tu kwamba amechoka, na Karani bado ana nusu kichwa.

Akamwandikia mwalimu: *Nimempunguza jogoo.*

Jibu la Alhamisi lilikuwa refu.

*Vidole, leo kiungo chako kimekataa kufunguka. Ndipo nikakitazama vizuri, na aibu ikawa yangu, maana ningekitazama siku ya kwanza. Kinaanza na 127.0.0.1. Hilo ni jina ambalo kila kompyuta hujiita yenyewe. Ukilibofya kwako, kompyuta yako inakufungulia yaliyomo kwako. Nikilibofya kwangu, inanifungulia yaliyomo kwangu. Ni kama vile mlivyonikaribisha nyumbani bila kusema ni wapi: mtu akisikia "njoo nyumbani" tu, ataenda kwake. Mimi nilikwenda kwangu, na siku ile kompyuta yangu ilikuwa inaendesha kazi ya mwanafunzi mwingine, mfugaji wa kuku, aliyenitumia folda yake, kwa namba hiyohiyo ya mlango, 5500. Yote niliyokuandikia ni ya kwake. Tovuti yako sijaiona hata siku moja. Ipakie kwenye seva ili ipate anwani ya watu wote, kisha ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kuituma. Samahani sana. Na sasa nieleze tafadhali: umempunguza jogoo yupi?*

Vidole alisoma mara ya pili, polepole. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa beseni.

"Kwa hiyo si mimi," alisema Wifi.

"Si wewe, wifi. Ni kuku wa mtu."

"Na fumbo je?" aliuliza Karani, akimtazama Shangazi.

Shangazi alikuwa amesharudi chini ya drai. "Fumbo lilikuwepo," alisema, "ila lilikuwa la mfugaji."

Wifi alikuwa na jambo lingine. Alitoa simu yake iliyopasuka, akaiweka juu ya meza, katikati, mahali pa heshima. "Jumatatu simu hii ilisema haifunguki. Simu moja tu hapa ndani ilisema ukweli, na nyinyi mkaitukana uso wake."

Vidole akaenda kwenye huduma moja ya bure inayohifadhi tovuti, akajisajili, akapakia folda yake yote, akapewa anwani yenye jina lake ndani, ndefu kidogo lakini ya kwake. Hakuibofya kwenye laptopu. Alimpa Wifi. Wifi akaandika herufi moja moja kwenye ile simu, watu wakashika pumzi. Nyuma ya nyufa likatokea jina la Vidole, bluu, na pembeni jogoo kama stempu. Wifi akamgusa. Akawika.

Vidole akamtumia mwalimu anwani saa hiyohiyo, kwa mistari minne yake ya kwanza, safari hii bila ya mtu kuongeza neno. Baada ya kuituma ndipo alipokumbuka kwamba jogoo amekwenda nayo.

Sasa ikawa Ijumaa. Asubuhi mwalimu kimya. Mchana kimya. Karani alikuwa kwenye kiti, amekuja na barua ya mkubwa wake wa kazi inayouliza ni lini kichwa chake kitafika mwisho. Ombi la kazi lilikuwa limejazwa kwenye skrini, kiungo ndani yake, limebaki kutumwa. Vidole hakutaka kulituma bila kusikia ukweli, na ukweli ulikuwa haujafika.

"Mtoe huyo kuku kwanza," alisema Wifi. "Hiyo ni saluni yangu iliyomo humo. Watu watasema tunasuka mbawa."

"Jogoo haondoki," alisema Shangazi. "Mimi ndiye niliyekwenda kumwazima. Nimemshika mikononi barabara nzima, amenitia aibu mbele za watu, halafu mumfute kama vumbi?"

"Shangazi, hana kazi humo."

"Anawika. Wangapi humu ndani wana kazi na wanaifanya?"

"Haruhusiwi kuondolewa," alisema Karani. "Tovuti imeshakwenda kwa mwalimu. Kielelezo kikishapokelewa hakiguswi mpaka uamuzi utoke. Na mimi kichwa changu kiguswe."

"Mwalimu hajajibu," alisema Vidole. Alikuwa na uzi wa kusukia kwenye meno na hakuwa anausuka. "Tangu jana. Ameifungua akaifunga. Ndiyo jibu lenyewe hilo. Nilimuuliza mtu ataendelea kusoma au atafunga. Amefunga."

"Pengine ana kazi zake."

"Hata kwa jogoo wa mtu alijibu siku ya pili, wifi. Tena kwa urefu."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyelipinga. Shangazi alishusha drai kidogo. Karani alijishika ile nusu yake ya kichaka. Wifi alimtazama mke wa kaka yake kwa muda, na usoni mwake hapakuwa na ushindi. Kisha akapanda juu ya kigoda, akautoa ufunguo kwenye msumari, akaupangusa kwa aproni.

"Chukua, wifi," alisema. "Si kwamba umeshindwa. Mtu mwenye mikono kama yako hashindwi. Chukua tu, tumalize, maana kuku anatugombanisha. Hiyo kompyuta utaendelea nayo jioni, nitakuwekea na meza."

Vidole aliutazama ufunguo. Akaitazama skrini, pale palipoandikwa *Tuma*. Akautoa uzi mdomoni. "Na kama ningejua tu alivyoiona," alisema. "Hata akisema ni mbaya. Kibaya unakirekebisha. Kimya unakirekebishaje?"

"Chukua, mama," alisema Shangazi.

Vidole akanyoosha mkono.

"Subiri kwanza," alisema Karani, "kabla hajaushika, mimi nataka iandikwe kwamba—"

Pazia la mlangoni likafunguka, bila hodi. Aliingia mwanamke mrefu, nywele zake zimefumuliwa zote, zimesimama pande zote za dunia. Kwenye mkono mmoja alikuwa na chungu kidogo chenye mmea wa miiba, umefungwa utepe kama zawadi. Kwenye mkono wa pili alikuwa na simu, na kwa kuwa alikuwa ameishika vibaya, kidole gumba kikamgusa jogoo wa kwenye skrini, naye akawika humo ndani kama amefika kwake.

Ufunguo ulikuwa bado hewani, kati ya mkono wa Wifi na mkono wa Vidole.

"Anwani mmeiweka chini kabisa," alisema mgeni, akikitazama kichwa cha Karani, kisha drai, kisha kiti. "Nimesoma mpaka nikaifikia. Kikokotoo kinasema nitakaa saa tano, nimeaga nyumbani. Vidole ni yupi?"